Riba Bila Hesabu Ni Amri, Si Ilani

Ipo aina ya barua ambayo mfanyabiashara mdogo wa Kibiti akiipokea hubaki akiitazama tu. Ina mstari wa deni, mstari wa riba, jumla iliyopigiwa mstari chini, na onyo la hatua za kisheria. Imeandikwa kwa Kiswahili safi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, nasi tuliyashangilia. Lakini neno "riba" likifuatwa na tarakimu moja isiyo na maelezo halimweleweshi mtu chochote, hata likiandikwa kwa lugha ya mama yake. Hoja yangu leo ni kwamba ilani ya riba ya ucheleweshaji isiyotaja kiwango, msingi wa hesabu na tarehe ya kuanza inamnyima raia haki ambayo sheria imempa.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, kifungu cha 76, inasema kodi isiyolipwa kwa wakati hutozwa riba kwa kiwango cha kisheria, nayo hukokotolewa kwa kulimbikizwa kila mwezi. Yaani riba ya mwezi huu huingia ndani ya deni na kuzaa riba mwezi ujao. Kiwango hicho hakikuandikwa kwa tarakimu. Sheria hiyo ilipotungwa ilikifunga kwenye riba ambayo Benki Kuu huzitoza benki zinapokopa kwake, na riba hiyo hubadilika. Mwezi Machi 2017 ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 12, Agosti mwaka huohuo ikawa 9, Agosti 2018 ikawa 7, na Mei 2020 ikawa 5. Deni lililovuka miaka hiyo limepita katika viwango kadhaa. Ilani inayoandika "riba" bila kusema ni kiwango gani, cha kipindi gani, imeficha jambo ambalo mlipaji hawezi kulibuni akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukulie mwenye duka la vifaa vya uvuvi ambaye kodi yake ya mwaka ni shilingi 1,200,000. Kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne za shilingi 300,000, na tarehe za mwisho ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Hakulipa hata awamu moja. Anataka kumaliza deni lote tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata. Kwa wepesi wa mfano, kiwango kiwe asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi.

Karani wa kwanza anahesabu deni lote kuanzia 31 Machi, siku ya awamu ya kwanza. Anapata riba ya shilingi 152,190. Karani wa pili anahesabu deni lote kuanzia 31 Desemba, siku ya awamu ya mwisho. Anapata 36,361. Karani wa tatu anaipa kila awamu tarehe yake: ya kwanza imechelewa miezi 12, ya pili 9, ya tatu 6, ya nne 3. Anapata 93,699. Deni ni lilelile, kiwango ni kilekile, na siku ya kulipa ni ileile. Bado majibu ni matatu, na la juu ni zaidi ya mara nne ya la chini. Hesabu sahihi ni ya karani wa tatu, kwa sababu hakuna anayechelewesha awamu ambayo siku yake haijafika. Lakini ilani yenye jumla pekee haimwonyeshi mlipaji ni karani gani aliyeiandika.

Msingi wa hesabu nao una mtego wake. Mara nyingi faini ya kuchelewa kuwasilisha ritani na riba ya kuchelewa kulipa huwekwa kapu moja, "riba na adhabu". Hayo ni mambo mawili yenye sababu mbili. Yakichanganywa, msomaji hawezi kujua kama riba imehesabiwa juu ya kodi peke yake au juu ya kodi iliyokwisha kuvimbishwa na faini.

Niandike basi ilani ninayoitaka, ili nisilaumiwe kwa kubomoa bila kujenga:

"Unadaiwa kodi ya shilingi 1,200,000 kwa awamu nne. Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, sawa na asilimia 1 kwa mwezi, inayolimbikizwa kila mwezi, chini ya kifungu cha 76. Imehesabiwa juu ya kodi tu, faini haimo. Imehesabiwa hadi 31 Machi, hivi:
Awamu ya 31 Machi, miezi 12: riba 38,048.
Awamu ya 30 Juni, miezi 9: riba 28,106.
Awamu ya 30 Septemba, miezi 6: riba 18,456.
Awamu ya 31 Desemba, miezi 3: riba 9,090.
Jumla ya riba ni 93,700 baada ya kila mstari kukaribishwa kwenye shilingi kamili. Usipolipa, mwezi unaofuata utaongeza takribani shilingi 12,937. Kama hukubaliani na hesabu hii, wasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu ulipopokea ilani."

Hiyo haizidi nusu ukurasa. Kama kiwango kilibadilika katikati, unaongezwa mstari mmoja kwa kila kipindi.

Mstari wa mwisho wa ilani hiyo ndio wenye uzito kuliko yote. Kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinampa mlipaji siku 30 za kupinga uamuzi wa kodi, na kinamtaka alipe kwanza kiasi asichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa, isipokuwa Kamishna amempunguzia au kumwondolea sharti hilo. Mtu atakitambuaje kiasi asichokipinga, ilhali hajui kilivyopatikana? Mkazi wa Kiongoroni au Maparoni, ndani ya delta ya Rufiji, husafiri kwa chombo cha majini kabla hajaifikia barabara ya kwenda Kibiti mjini. Akienda kuuliza "hii riba imetokeaje?", nauli na siku zake za pingamizi vinateketea pamoja. Mwenye mhasibu Dar es Salaam hupiga simu. Ukimya wa ilani ni uleule kwa wote wawili, lakini gharama yake humwangukia aliye mbali zaidi.

Watumishi wa umma wanaonisoma watanijibu kwamba mfumo wa kompyuta ndio unaokokotoa, na mlipaji ana ruhusa ya kuuliza. Jibu la kwanza linanipa hoja mimi: mfumo hauwezi kutoa 93,699 bila kuwa na kiwango, msingi na tarehe ndani yake. Taarifa ipo, aliyebuni barua ndiye aliyeiacha nje. Jibu la pili linageuza wajibu juu chini. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha dai lake, hata muuza samaki wa Nyamisati anaposomea wateja daftari la mkopo.

Wapo watakaohofu kwamba hesabu ikiwekwa wazi, mapingamizi yatazidi. Yatazidi pale tu hesabu ilipokosewa, na hapo yanastahili kuzidi. Mwenye duka akiuona mwezi ujao umeandikwa shilingi 12,937, ana sababu ya kulipa leo ambayo onyo la hatua za kisheria halikumpa.