Teknolojia Nyumbani: Akaunti ya ruta inapobaki kwenye barua pepe iliyofungwa

Ruta nyingi za siku hizi husimamiwa kwa akaunti iliyohifadhiwa kwenye kompyuta za kiwanda kilichozitengeneza. Kwa ruta za TP-Link akaunti hiyo huitwa TP-Link ID, nayo hufunguliwa kwa anwani ya barua pepe. Hapo ndipo wengi hukwama pindi anwani ile inapotoweka.

Tuchukue mfano wa mzee aliyefungua akaunti hiyo kwa barua pepe ya ofisini. Amestaafu, na mwajiri ameifunga anwani yake. Simu yake imeharibika, na ile mpya inamdai neno la siri asilolikumbuka. Akibonyeza pa kusahau neno la siri, namba ya uthibitisho hutumwa kule kule ofisini. Intaneti nyumbani inaendelea kama kawaida, lakini mzee hawezi tena kupanga saa za watoto kutumia mtandao. Lililo zito zaidi ni kwamba yeyote atakayeimiliki anwani ile anaweza kuomba neno jipya la siri na kuingia kwenye ruta ya familia yake.

Ikiwa anwani ni ya mtu binafsi, na kilichobadilika ni namba ya simu iliyotumika kuilinda, hatua ya kwanza ni kuirejesha barua pepe yenyewe kwa kampuni inayoitoa. Ikirudi, akaunti ya ruta nayo hurudi. Mzee wetu hana njia hiyo, lakini anacho kitu ambacho mwenye akaunti aliye mbali hana: ruta yenyewe imo sebuleni mwake.

Basi aiunge simu yake na waifai ya nyumbani, azime data ya laini ili simu isipite njia nyingine, kisha aandike kwenye kivinjari:

```
http://tplinkwifi.net
```

Ukurasa utakaofunguka hudai neno la siri la ruta yenyewe, lile lililowekwa siku ya kwanza. Hilo si neno la waifai, wala si la TP-Link ID. Akilikumbuka, aingie na atafute sehemu iliyoandikwa TP-Link ID. Humo kuna kitufe cha Unbind, yaani kuitenga akaunti ya zamani na ruta. Baada ya hapo ataiunganisha akaunti mpya.

Asipolikumbuka, au ukurasa ukiendelea kudai akaunti ya zamani, hubaki njia ya kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani. Kabla ya hapo awaulize wanaomletea intaneti kama huduma yake hutumia PPPoE. Ikiwa ndivyo, awaombe jina na neno la siri la huduma, kwa kuwa vyote viwili vitafutika ndani ya ruta. Anayeruka hatua hii ataona waifai ipo na intaneti haipo. Na kama ruta ni mali ya mtoa huduma, asiiguse bila kuwauliza.

Kwa ruta za Archer, chombo kikiwa kimewashwa, kitufe cha Reset hushikiliwa kwa takriban sekunde 10, hadi taa zibadilike. Ruta ikiwaka tena, jina na neno la siri la waifai huwa yale yaliyochapishwa kwenye kibandiko chini yake. Mzee atafungua TP-Link ID mpya, kisha aipe waifai jina lile lile na neno lile lile la zamani. Kwa kufanya hivyo, simu zote za nyumbani zitajiunga zenyewe.

Ieleweke kuwa njia hii huikomboa ruta, haiirudishi akaunti. Mipango ya saa za watoto itaandikwa upya. Kamera za Tapo zilizosajiliwa kwa TP-Link ID ile ile nazo zitahitaji kurudishwa hali ya kiwandani moja moja, na picha zilizohifadhiwa kwenye akaunti ya zamani hazitaifuata mpya.

Tunawatahadharisha pia na wanaojitangaza kuwa hufungua akaunti kwa malipo, kisha wakaomba namba ya uthibitisho iliyotumwa kwako. Namba hiyo ni ufunguo wa nyumba. Asipewe mtu, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kiwanda.

Akaunti mpya isifunguliwe kwa barua pepe ya kazini, bali kwa anwani ya familia inayolindwa kwa namba ya simu inayotumika. Neno la siri la ruta liandikwe na kuwekwa pamoja na hati za nyumba, mahali ambapo mama na baba wote wanapajua. Na siku anwani itakapobadilishwa, ibadilishwe kwanza ndani ya akaunti, wakati ile ya zamani ingali inapokea barua.