Kuimba Kwake Si Yeye Kuimba

Mhariri mmoja alinirudishia shairi akiwa amefuta kipande cha «yeye kuimba kwaliza» na kuandika juu yake «kuimba kwake kwaliza». Mizani ni ile ile minane, akaniambia, na sarufi imenyooka. Mizani kweli haikupungua. Kilichopungua ni maana, na ndiyo sababu ya makala haya.

Hukumu ile asili yake ni Kiingereza. Huko wanasarufi wamebishana kwa miaka mingi kama mtu aseme «kwenda kwangu» au «mimi kwenda». Henry Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliishutumu vikali sura ya pili. Hoja yake ilikuwa kwamba mtenda na tendo vimegandamana hata hujui lipi ndilo neno kuu. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmaki, alimpinga, akionyesha kwamba waandishi wazuri wameitumia sura hiyo siku zote. Hadi leo vitabu vya uandishi rasmi wa Kiingereza hupendelea kimilikishi, hasa penye kiwakilishi au jina la mtu, na hulegeza kamba mtenda anapotajwa kwa maneno mengi.

Sasa tuipime hoja ya Fowler kwa Kiswahili. Tukisema «Wanawake kupiga kura kumebadili nchi», neno kuu ni lipi? Kiambishi «ku-» cha «kumebadili» kinajibu waziwazi: ni «kupiga», wala si «wanawake», maana hapo tungesema «wamebadili». Upatanisho wetu umekwisha kuondoa utata aliouogopa Fowler. Basi tunaazima dawa ya ugonjwa tusiougua.

Tena sura hizi mbili si pacha. «Kuimba kwake» huweza kutaja tukio, lakini pia huweza kutaja namna: sauti, mahadhi, ustadi. Ndiyo maana twasema «kuimba kwake kuzuri». Hatusemi «yeye kuimba kuzuri». Twasema «yeye kuimba vizuri». Sura hii ya pili haipokei kivumishi, kwa kuwa yataja jambo lenyewe kwamba limetendeka, na yamweka mtenda mbele.

Katika shairi langu, mwimbaji ni mjane aliyenyamaza mwaka mzima tangu azike. Siku ya arusi ya bintiye akaimba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata ikikwama. Waliolia hawakulizwa na sauti. Walilizwa na kwamba ni yeye, na kwamba ameimba. Mhariri, kwa kufuta «yeye», alimpa mjane wangu sauti tamu asiyokuwa nayo, akamnyang'anya ushindi wake.

Kwa hiyo, mhariri mwenzangu, kabla hujafuta, uliza: mshairi asifu uimbaji, au ashuhudia kwamba fulani ameimba? Akisifu, mpe kimilikishi. Akishuhudia, mwachie mtenda wake.