Yai Linaloelea na Yai Lenye Ufa
Yai linaloelea majini hutupwa upesi katika nyumba nyingi, ilhali lenye ufa hukaangwa bila wasiwasi, na mazoea hayo yanakwenda kinyume cha uzito wa hatari zenyewe. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, ambamo maji ya ute hutoka kama mvuke siku hadi siku, hivyo chumba cha hewa kilichopo upande mnene wa yai hupanuka hadi yai liwe jepesi na kuelea. Kipimo hiki basi hueleza umri tu, wala hakiwezi kugundua salmonela, bakteria wa kuharisha wanaoweza kuwamo hata katika yai bichi lililozama. Yai lililoelea livunjwe katika bakuli la peke yake: likitoa harufu ya uvundo, au ute ukiwa na rangi ya kijani au waridi, ni viza na litupwe, lakini likiwa halina dalili hizo laweza kupikwa hadi kiini na ute vigande. Ufa, kwa upande wake, huwafungulia njia vijidudu vya kinyesi na vumbi la trei, kwa hiyo yai lililonunuliwa likiwa limepasuka, au linalovuja, halifai kuliwa. Lililopasuka nyumbani limiminwe muda huohuo katika chombo safi chenye kifuniko, liwekwe kwenye jokofu, na lipikwe likaive kabisa ndani ya siku 2.