Ulemavu na Ugonjwa Kwenye Maombi ya Kazi: Useme Wapi, Ukaushe Wapi

Makamanda, wengi wenu sasa hivi mnajaza maombi ya kazi, na kuna swali linalowakwamisha baadhi ya vijana hapa Rukwa: kama nina ulemavu au ugonjwa, niandike au nikaushe? Hofu yao siyo ya kijinga. Huku Ufipa mtu akianguka kifafa bado wapo wanaoanza kunong'ona habari za kulogwa, na neno likitoka ofisini asubuhi, jioni limeshafika sokoni.

Msimamo wetu ni huu: kabla hujaandika, jiulize nani atasoma, na akishasoma anatakiwa afanye nini. Kama hakuna anachotakiwa kufanya, hana haja ya kujua.

Tuanze na Ajira Portal. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waombaji wenye ulemavu waoneshe hivyo kwenye mfumo. Hapo jaza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Ofisi ya watu 200 ina maana watu 6. Ukikaa kimya, unajitoa mwenyewe kwenye hesabu hiyo.

Ila kujaza tu hakutoshi. Tuseme binti wa Laela ana diploma ya uhasibu na sikio la kushoto halisikii. Akiandika "nina ulemavu wa kusikia" basi, msomaji anabaki kukisia, na wengi hukisia vibaya. Kwenye barua ya maombi aandike hivi: "Sisikii kwa sikio la kushoto. Kazi zote za uhasibu nazimudu. Kwenye usaili wa ana kwa ana naomba wanaouliza wakae upande wangu wa kulia." Sentensi tatu: hali yake, uwezo wake, anachohitaji. Historia ya alivyougua utotoni haimhusu mtu.

LinkedIn na wasifu unaosambaza kwa watu ni jambo lingine. Pale anasoma yeyote, na hata ukifuta kesho, aliyepiga picha ya skrini anabaki nayo. Yule binti hana sababu ya kuandika habari ya sikio lake pale. Kama amewahi kufundisha lugha ya alama, aiweke kama kazi aliyoifanya. Ni ujuzi, na hautangazi afya ya mtu.

Sasa magonjwa. Mtu anayeishi na VVU na anayetumia dawa hana cha kuandika kwenye wasifu wowote. Mwenye kifafa anayeomba ukarani wa masijala, akiona hahitaji msaada wowote, anaweza kukausha. Akiomba udereva mambo yanabadilika, kwa sababu hapo usalama wa abiria ni sehemu ya kazi yenyewe. Aongee kwanza na daktari wake, na asifiche kwa mwajiri.

Kuna faida moja ya kusema kwa maandishi ambayo watu hawaifikirii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au VVU, na inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Ukionesha dalili za awali kwamba ulibaguliwa, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unahamia kwa mwajiri. Tatizo ni kwamba utetezi wake wa kwanza utakuwa "hatukujua." Ukiwa na nakala ya barua yenye tarehe, mlango huo unafungwa. Ukiwa umemwambia mtu wa mapokezi kwa mdomo, umebaki wazi. Kwa hiyo tunza nakala, na kama kuna mgogoro ufikishe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.

Tusidanganyane, kuna kikomo. Asiyeitwa kabisa kwenye usaili mara nyingi hajui kwa nini hakuitwa, na barua peke yake haitamwambia.

Ndiyo maana mzigo huu hauwezi kubaki kwa mwombaji peke yake. Serikali inawataka vijana wajaze ulemavu wao kwenye mfumo. Sawa. Na yenyewe ioneshe, halmashauri kwa halmashauri, bila jina la mtu: wangapi waliomba, wangapi waliitwa, wangapi waliajiriwa. Sheria ni ya 2010. Diwani na mbunge wako waulizwe takwimu hizo kwenye mkutano ujao, kuanzia hapa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Anayetaka tuseme ukweli kuhusu miili yetu aanze kusema ukweli kuhusu hiyo asilimia 3.