Picha ya skrini haithibitishi droo

Siku hizi mtu akitaka kuchezesha droo ya simu, ya tiketi au ya zamu za upatu, hafikirii mara mbili. Anafungua tovuti ya bure ya namba za bahati nasibu, anaandika 1 hadi 40, anabonyeza kitufe, kisha anarusha picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp. Akiulizwa kama haki imetendeka, anajibu kwamba tovuti ni maarufu na namba zake zimepimwa na wataalamu. Wengi hulipokea jibu hilo. Mimi silipokei, kwa sababu swali lililoulizwa lilihusu droo, na jibu linahusu namba.

Tuanze na tovuti yenyewe, tena tuchukue iliyo bora. RANDOM.ORG ilianzishwa mwaka 1998 na Mads Haahr wa Chuo cha Trinity, Dublin, na namba zake hutokana na kelele za angahewa, ile mikwaruzo inayosikika redio isipokamata stesheni. Matokeo ya vipimo vya takwimu yamewekwa wazi, na sina sababu yoyote ya kuyatilia shaka. Lakini vipimo hivyo vinapima nini? Vinachukua mamilioni ya namba na kuuliza kama kila tarakimu inatokea mara inazostahili, kama namba moja inaivuta nyingine, kama kuna mpangilio unaojirudia. Ukirusha dadu mara 6,000, kila upande unatarajiwa kutokea mara 1,000 hivi. Upande mmoja ukitokea mara 1,300, dadu hiyo ina kasoro, na kipimo kitaikamata. Kazi hiyo vipimo vinaifanya vizuri.

Kisichopimika ni chanzo cha namba na nani mwingine anazijua. Chukua 1, 2, 3, 4 na kuendelea, kisha kila moja uifiche kwa ufunguo wa siri kwa njia zilezile ambazo benki hutumia kulinda miamala. Namba zitakazotoka zitavipita vipimo vyote vinavyojulikana. Kwako wewe ni fujo tupu, lakini mwenye ufunguo anazijua zote tangu ya kwanza hadi ya milioni. Hakuna takwimu itakayokutenganishia namba hizo na za angahewa, hata ukizikusanya mwaka mzima. Kwa hiyo anayesema "zimepimwa" amekuthibitishia sura ya namba tu. Usiri wake hajauthibitisha, wala uaminifu wa aliyezitoa.

Jambo hili limeshatokea, na ushahidi wake ulifika mahakamani. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa habari katika chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani, na ndiye aliyeandika programu ya kutoa namba za ushindi. Ndani yake alipachika mistari michache iliyokagua kwanza tarehe, siku ya wiki na saa. Ikiwa ni moja ya siku chache alizozichagua katika mwaka, ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, na saa mbili usiku imeshapita, programu iliiacha njia ya kawaida na kutumia nyingine, ambayo matokeo yake yalipungua hadi idadi ndogo aliyoweza kuikadiria mapema. Siku nyingine zote ilifanya kazi kihalali. Maabara huru iliipima na kuipa cheti, na cheti hakikuwa cha uongo: siku ya kupimwa, namba zilikuwa safi. Tarehe 29 Desemba 2010 zikatoka namba za tiketi ya dola milioni 16.5, aliyoinunua mwenyewe siku chache kabla kwenye kituo cha mafuta. Kilichomponza ni kamera ya kituo hicho na ujanja wa watu waliojaribu kuidai zawadi bila kumtaja mnunuzi. Baadaye wachunguzi waliikuta ile mistari katika mashine ya Wisconsin, na mwaka 2017 alikiri makosa na kuhukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Katika mlolongo wote huo, hakuna kipimo cha takwimu kilichomkamata.

Nitaambiwa kwamba tovuti ya bure ya Dublin haina masilahi yoyote na simu inayogombewa Kariakoo. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Mwenye tovuti hana haja ya kudanganya; mwenye haja ni aliyeshika kitufe. Kwenye ukurasa wa kawaida wa kutoa namba, unaweza kubonyeza mara moja au mara mia, na picha ya skrini haionyeshi zile ulizozitupa. Kama shemeji yako ni namba 17 katika orodha ya watu 40, ukibonyeza mara 28 tu, uwezekano wa 17 kutokea umeshavuka nusu. Ni kazi ya dakika moja. Na namba utakayoirusha itakuwa ya nasibu kabisa, imetoka angahewani kama ilivyoahidiwa. Udanganyifu uko katika kuchagua ipi ionekane.

Wako wanaojibu kwamba tovuti zinazoendeshea hesabu ndani ya kivinjari zinakaguliwa, kwa kuwa msimbo wake uko wazi. Hili lina ukweli, na mwenye ujuzi alitumie. Ukifungua msimbo ukakuta `Math.random()`, hiyo ni njia isiyokusudiwa kuwa ya siri. Ukikuta `crypto.getRandomValues()`, ni afadhali sana. Lakini umekagua ukurasa ulioletwa kwako, leo, katika simu yako. Alichofanya mchezeshaji jana katika simu yake hujakiona.

Basi tusiamini chochote? Hapana. Tubadilishe kinachotakiwa kuthibitishwa, na hili halihitaji fedha. Mchezeshaji atume kwenye kundi orodha iliyopewa namba, kabla ya droo. Katika ujumbe huohuo ataje chanzo cha umma ambacho thamani yake bado haijatoka. Kimojawapo ni drand, ulioanza mwaka 2019: mtandao unaoendeshwa na taasisi mbalimbali kwa pamoja, ukitoa thamani mpya kila baada ya sekunde chache, kila moja na namba ya raundi yake, na kila thamani ikibeba sahihi ambayo yeyote anaweza kuihakiki. Aitaje raundi itakayotoka kesho saa kumi jioni, pamoja na hesabu itakayotumika:

```
int(thamani, 16) % 40 + 1
```

Yaani thamani igawanywe kwa 40, baki iongezwe moja, na hiyo ndiyo namba ya mshindi. Saa kumi ikifika hakuna kitufe cha kubonyeza. Kila mwanakundi anaichukua thamani ya raundi ile mwenyewe, anapiga hesabu, na wote wanapata jibu moja. Kurudia hakuwezekani kwa sababu raundi ilishatajwa, na orodha haiguswi kwa sababu kila mtu anayo kwenye simu yake. Hata RANDOM.ORG wenyewe wana huduma ya droo zinazotunziwa kumbukumbu ambayo umma unaweza kuiangalia, tofauti na ule ukurasa wa bure unaopigwa picha.

Hata hapo bado pana tundu moja ambalo hesabu haizibi. Utaratibu huu unathibitisha kwamba mshindi alitolewa kihalali katika majina 40. Hausemi majina hayo yameingiaje. Mchezeshaji aliyejisajili kwa laini tatu za simu ana nafasi tatu, na drand itamhudumia bila kujua. Hilo litagunduliwa na watu wenyewe, wakiisoma orodha jina kwa jina siku ileile inapotumwa, na kuuliza wasiyemfahamu ni nani kabla raundi haijafika.