Kitufe cha kuendelea hakipo, na hatutakiweka

Mteja wetu mmoja, mnunuzi wa viazi pale Keringet, Kuresoi, alitupigia simu akiwa amewaka. Lori limeshapakiwa, mkulima anangoja pesa zake, na ukurasa wetu wa kulipia umemgomea. Simu imeandika "Your connection is not private", na chini yake NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Kwingine alizoea kubonyeza "Advanced" halafu "Proceed", mambo yanasonga. Safari hii "Advanced" ilimwambia tu kwamba tovuti inatumia HSTS. Kitufe hakuna. "Kwani mmenifungia?"

Ndiyo, ni sisi. Na kwa maoni yetu tulifanya vyema.

Iko hivi: kila unapofungua ukurasa wetu salama, seva yetu huiachia brauza yako agizo hili:

```
Strict-Transport-Security: max-age=31536000
```

Hizo ni sekunde, yaani siku 365, na hesabu huanza upya kila ukirudi. Muda huo wote brauza inakuja kwetu kwa https pekee, na cheti cha tovuti kikiwa na kasoro inakataa bila kumuuliza mwenye simu. Kanuni hiyo, RFC 6797 ya mwaka 2012, inataka mtumiaji asipewe njia ya kupita. Ukali, lakini mtu mwenye haraka hasomi onyo. Anatafuta pa kubonyeza.

Huyu wetu alikuwa kwenye waifai ya hoteli. Mtambo wa hapo ulijibu kwa jina letu, ukatoa cheti ambacho simu haimjui aliyekitia sahihi. Pengine ulitaka tu kumletea ukurasa wa kuingia. Pengine kuna mtu alitaka kusoma namba ya siri. Brauza haiwezi kutofautisha, na yeye pia hangeweza, lori likinguruma. Tulimwomba azime waifai atumie data ya laini yake. Ukurasa ukafunguka, mkulima akalipwa.

Ikikataa hata kwa data, angalia tarehe ya simu, kwani ikirudi nyuma cheti kizuri huonekana hakijaanza kutumika. Tarehe ikiwa sawa na bado inagoma, huenda cheti chetu kimeisha muda. Hapo kosa ni letu, na kwa sababu ya agizo letu wenyewe tumewafungia wateja wote nje. Tupigie, utugombeze.

Kinachotusumbua ni ule ushauri wa vijana wa simu: "Jaribu brauza ingine." Brauza ambayo haijawahi kufika kwetu kwa kawaida haina agizo letu, kwa hiyo kwenye waifai ile ile itakuonyesha kitufe. Cheti bado ni kile kile kibovu, ila sasa hakuna wa kukuzuia. Ukikiona hapo, usikibonyeze. Zima waifai kwanza.