Ritifaa Iliyopinda na Somo la Kugawanya

Wako walimu wawaelezao wanafunzi kwamba ujumbe mfupi wa simu hukatika mapema kwa sababu herufi ngeni moja «huchukua nafasi mbili». Siafiki maelezo hayo. Mwanafunzi ahesabuye vizuri atayabaini kuwa na kasoro, na heri asikie sababu yenyewe tangu mwanzo.

Tuchukue tangazo hili:

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi saa nne. Ajenda ni ng'ombe wa shule na uzio wa shamba.

Pamoja na nafasi na vituo, lina herufi 84. Ritifaa ya «ng'ombe» ikiwa imenyooka, tangazo huenda kama ujumbe mmoja. Ikiwa imepinda (’), huenda kama sehemu mbili, na aghalabu mtumaji hutozwa mara mbili. Herufi hazikuongezeka hata moja. Kilichobadilika ni nini?

Ujumbe mmoja ni mfano wa kasha lenye biti 1120. Alfabeti ya kawaida ya simu huipa kila herufi biti 7, nasi tukigawanya tunapata 160. Ritifaa iliyonyooka imo katika alfabeti hiyo, iliyopinda haimo. Simu haiwezi kuchanganya alfabeti mbili ndani ya ujumbe mmoja, kwa hiyo huuandika wote kwa alfabeti kubwa zaidi, yenye biti 16 kwa kila herufi. Gawanya tena: 70. Hivyo hata «M» ya kwanza imelipishwa biti 16 kwa ajili ya alama moja iliyo mbali nayo.

Kwa kuwa 84 inazidi 70, hapana budi tangazo likatwe. Hapa ndipo wanafunzi hutatizika, maana hutazamia sehemu ya kwanza iwe na herufi 70, kumbe ina 67. Kila sehemu hubeba biti 48 za maelekezo: alama ya ujumbe, idadi ya sehemu zake, na namba ya sehemu hiyo, ili simu ya mpokeaji iziunganishe kwa utaratibu. Zimesalia 1072, gawanya kwa 16. Tangazo letu hukatika katikati ya neno «na», na herufi 17 huenda katika sehemu ya pili. Kwa biti 7 jibu ni 153, baki 1, na baki hiyo huachwa tupu. Ni nadra kupata mfano bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba baki ina maana yake.

Ritifaa iliyopinda aghalabu huingia bila kukusudiwa, hasa maneno yanaponakiliwa kutoka kwenye kompyuta. Katika simu zenye kuonyesha hesabu ya herufi, dalili yake ni kikomo kuporomoka ghafla kutoka 160 hadi 70.

Kuhusu «nafasi mbili», kauli hiyo ni kweli kwa alama chache tu za alfabeti ya kawaida, kama mabano ya mraba, ambazo huchukua biti 14 bila kuzigusa jirani zake.